Chumba cha Ngara Chenye Bafu la Ndani

Siku ile tulikuwa sita sebuleni: mwenye nyumba, aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, mke wake, binti yao wa mwisho, aliyekuwa akimenya viazi karibu na mlango wa jikoni, kijana Mkamba kutoka Machakos, mwanafunzi kama ndugu yangu, ndugu yangu mwenyewe, na mimi. Sikumbuki kama redio ilikuwa ikiimba. Nakumbuka chai ilikuwa na maziwa mengi, na nikafikiri hawa ni watu wa kwetu, maana huko Nairobi nilikuwa nimekunywa chai nyepesi siku tatu mfululizo.

Wazazi wetu walikufa tukiwa wadogo, mama kwanza, kisha baba mwaka uliofuata. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikarudi kwenye shamba letu upande wa Nyamira, chai kidogo na ndizi, pamoja na dada zangu wawili na huyu mdogo wa kiume. Tuligawana kazi. Mimi nililima, dada walichuma, na yeye alisoma. Haikuwa sadaka kama watu wanavyopenda kuiita. Nyumba isiyo na wazazi lazima iwe na mtu mmoja wa kusimama mlangoni, na aliyekuwa mrefu zaidi ni mimi.

Alipopata nafasi ya chuo kikuu, jirani zetu walichinja mbuzi. Wiki mbili baadaye alinitumia salamu kupitia dereva wa lori la ndizi wa Keroka kwamba mabweni yamejaa. Wale waliochelewa kuripoti, na yeye alichelewa kwa sababu tulikuwa tukingoja malipo ya chai, waliambiwa watafute vyumba nje. Ofisi inayoshughulikia makazi ya wanafunzi ilitaka kila mmoja alete anwani ya mahali anapokaa, na sahihi ya mwenye nyumba. Bila hiyo karatasi hangeandikishwa kupata posho, na bila posho hangekula. Alipewa hadi Jumatano. Nikavaa koti la baba, nikapanda basi.

Nilimkuta analala sakafuni katika chumba cha rafiki bwenini, akiingia kwa kificho mlinzi akienda kunywa chai. Alikuwa amenakili tangazo kutoka kwenye ubao uliokuwa nje ya ile ofisi. Lilikuwa la Kiingereza, akanifasiria tukiwa tumesimama chini ya mti, watu wakitupita na vitabu.

Chumba kimoja cha kupangisha, Ngara, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu hadi chuo kikuu. Kinafaa mwanafunzi mmoja. Kitanda, godoro, meza na kiti. Dirisha linaloangalia barabara. Taa ya umeme. Bafu na choo vya ndani, pamoja na familia. Maji ya moto asubuhi. Kodi shilingi mia moja na ishirini kwa mwezi, maji na taa zikiwemo, kulipwa kabla ya tarehe tano. Mwezi mmoja wa amana. Hakuna kupika chumbani, hakuna pasi ya umeme, hakuna pombe wala sigara. Wageni waondoke saa mbili usiku. Mgeni wa kike abaki sebuleni. Siku ya Sabato nyumba iwe kimya. Chumba kitaonyeshwa Jumapili tu, kuanzia saa nne asubuhi. Ulizia nyumba yenye lango la kijani nyuma ya soko, au piga simu kazini kwa mwenye nyumba saa za kazi. Jumamosi hakuna atakayeonyeshwa.

"Huyu ni Msabato," nikasema.

"Maji ya moto," ndugu yangu akasema. Hilo tu ndilo alilolisikia. Mwenzake wa bwenini alikuwa amemwambia kwamba vyumba vingi vya mjini vina choo kimoja cha nje kwa familia kumi.

Jumapili tulifika saa nne kamili. Ilikuwa nyumba ya mawe ambayo Wahindi waliokuwa wakihama waliiuza, yenye ua mwembamba nyuma na stoo ya mabati kwenye kona. Yule kijana Mkamba alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi na kofia magotini. Mwenye nyumba alituonyesha chumba sote watatu kwa pamoja. Kilikuwa kizuri. Godoro lilikuwa jipya, na dirisha lilikuwa na pazia la maua. Akatufungulia bafu, akageuza bomba, akaacha maji yatiririke mpaka yakatoa mvuke. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo kuhusu hilo bafu, na sikumlaumu.

"Zamu ni hivi," akasema. "Mimi saa kumi na moja unusu, mama watoto baada yangu, binti zangu, kisha mpangaji. Atakayekaa sana atakuta barafu."

Mke wake alimtazama ndugu yangu, ambaye nywele zake wakati huo zilikuwa zimesimama kama kichaka. "Huyu akianza kuosha kichwa hicho," akasema, "sabuni ya nyumba nzima itaisha na sote tutachelewa kazini."

Tulicheka. Hata Mkamba alicheka, akasema yeye huoga mara moja kwa wiki kwa hiyo ni bora zaidi. Mwenye nyumba akamwambia kwamba kwa jibu hilo amejifukuza mwenyewe.

Walikuwa wakisema Kiswahili kwa ajili ya huyo mgeni. Mimi sikuwa nimesema mengi. Tuliporudi sebuleni, na nilipouliza kama amana hurudishwa mpangaji akihama, mzee aliinua kichwa. Aliusikia ulimi wangu. Akabadili, akaniuliza kwa Kikisii nimeamkaje, nami nikamjibu. Uso wake ukalegea. Akasema chumba ni chetu. Akamwomba radhi kijana wa Machakos kwa Kiswahili, kwa heshima, akamwambia anywe chai yake kwanza. Nikatoa pesa, kodi ya mwezi na amana. Akazihesabu, akaziweka mezani kando ya kopo la sukari, akaleta kitabu cha stakabadhi na karatasi ya makubaliano. Alikuwa karani wa stoo katika kampuni ya vipuri, na aliandika kama karani, kila kitu mahali pake.

Jina la mpangaji. Kozi anayosomea. Nyumbani kwake. Kisha mzazi au mlezi.

Nikasema mlezi ni mimi. Akaandika jina langu. Akauliza jina la baba. Nikamwambia baba alikufa. Akasema pole, lakini karatasi ina nafasi yake, na mtu hazaliwi na nafasi tupu.

Nikalitaja jina la baba.

Kalamu haikusogea. Aliniuliza baba yetu alitoka kijiji gani, nikamwambia. Akauliza kama alikuwa mtu mfupi, mweusi sana, aliyepoteza ncha ya kidole cha shahada. Nikasema shoka lilimkata akiwa kijana. Mzee alivua miwani, akaiweka juu ya pesa zetu.

"Mimi nilikuwepo lilipomkata," akasema.

Ndipo akatueleza. Kwao ni upande wa Nyamarambe, lakini baba yake alipokufa mama yake alirudi kwa kaka zake, karibu kabisa na kwetu. Alilelewa na wajomba. Wakati wa jando yeye na baba walitahiriwa asubuhi moja, mahali pamoja, wakakaa kibanda kimoja mpaka wakapona. Walilinda moto mmoja usiku na mchana usizime. Baba alikatwa kidole akipasua kuni za moto huo. Baada ya hapo mzee alirudi kwao, kisha akaja mjini, na hawakuonana tena. Hakuwa amesikia kwamba baba alikufa.

Mke wake aliacha kumimina chai. Binti aliacha kumenya. Mimi nilijua kilichokuwa kinakuja, na ndugu yangu pia alijua, ingawa aliendelea kutabasamu kama mtu anayeamini bahati yake imeongezeka maradufu.

Kwa watu wasio wa kwetu lazima nieleze kidogo. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamume aliyetahiriwa halali chini ya paa moja na baba yake. Baba haingii mahali mwanawe anapolala. Hawaonani uchi, hawaogi mahali pamoja, hawataniani mambo ya mwili. Ndiyo maana kijana wetu hujengewa kibanda chake uani. Na baba si yule tu aliyekuzaa. Aliyetahiriwa naye na kulinda moto naye ni baba vilevile.

Mzee alizitoa zile pesa chini ya miwani, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Siwezi," akasema. "Siwezi kuingia bafuni ambamo mwanangu ametoka sasa hivi, maji yake bado yako sakafuni."

Ndugu yangu akasema kwa upole, akimwita baba kwa lugha yetu, "Tata, mimi ni mpangaji tu."

"Umeniitaje?"

Ndugu yangu akashusha kikombe chake.

"Umeniita tata," mzee akasema. "Basi nami nimeitika."

Ndugu yangu aligeukia kwangu. Akasema kwa haraka kwamba hapa ni Nairobi, kwamba nyumba ina kuta za mawe, kwamba angeoga chuoni, kwamba angekuwa anaingia na kutoka bila kumwona mtu. Akasema zimebaki siku tatu tu kufika Jumatano. Nilimsikiliza. Kama ningesema neno, mzee angenisikiliza, maana mimi ndiye niliyesimama badala ya baba. Lakini ningesema nini? Kwamba baba hakulinda moto na mtu huyu? Nilikunja zile noti nikazirudisha mfukoni mwa koti.

Kijana wa Machakos alikuwa ameshika kikombe, akituangalia mmoja mmoja. Hakuelewa lugha, lakini aliona pesa zikirudi. Nadhani aliona aibu kufurahi.

Aliyetuokoa ni mama, yule mke wa mzee. Alisema, bila kumtazama mumewe, "Mmemaliza ya bafu. Sasa mtoto atalala wapi?"

Mzee akainuka, akatoka uani. Tulimwona kupitia mlango akifungua ile stoo ya mabati, akitoa magunia ya makaa, baiskeli isiyo na gurudumu, madebe. Ndugu yangu alibaki amekaa. Mimi nilikwenda kumsaidia. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mawe, wa jirani. Pande tatu zilizobaki ni mabati. Hakukuwa na dirisha. Tulifagia, tukaingiza kitanda cha chuma kilichokuwa juu ya dari. Alikuwa akipumua kwa nguvu na hakuniruhusu kubeba upande mzito.

Nilimuuliza kodi ya hapo itakuwa kiasi gani.

"Kodi ya nini?" akasema. "Mtu hampangishi mwanawe. Huyu ni kijana wangu, amejengewa uani kama vijana wote."

Alisaini ile karatasi ya ofisi. Anwani ilikuwa ileile iliyokuwa kwenye tangazo, na ofisi haikuuliza kama ni ndani ya nyumba au nje. Ndugu yangu aliandikishwa siku ya Jumanne. Na kile chumba chenye pazia la maua kikachukuliwa na kijana wa Machakos, mchana ule ule, kwa sababu hakuwa mtoto wa mtu yeyote mle ndani.

Ndugu yangu alikaa stoo miaka mitatu. Nilikwenda kumwona kila nilipoweza, labda mara mbili kwa mwaka, na mkungu wa ndizi begani. Mzee alipokea ndizi kwa furaha, na nikiondoka mama alinipakia unga, sukari, nguo za dada zangu, zaidi ya nilichokuja nacho. Mara moja nilijaribu tena habari ya kodi. Aliniuliza kama baba yangu alinilipisha kwa kulala kwetu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi. Ndugu yangu alijiwekea taa ya mafuta, akaosha uso kwenye bomba la uani gizani kabla mzee hajaamka. Kuoga alioga chuoni. Kijana wa Machakos alimtania. Alikuwa akipiga ukelele kutoka dirishani, "Mtoto wa boma, njoo uone maji ya moto yanavyofanana," na jioni walikula pamoja, maana hawakuwa maadui. Lakini utani ule ulimwingia ndugu yangu kuliko alivyoonyesha. Aliniambia mara moja kwamba mgeni analala kwenye godoro na mwana analala kwenye makaa, na mimi nikamwambia azoee.

Mwaka wa pili jirani wa nyuma alijenga choo upande wa pili wa ule ukuta wa mawe. Bomba lilikuwa linavuja. Nilipofika mwezi wa Mei ukuta ulikuwa umelowa kutoka chini hadi kifuani, na madaftari yake yalikuwa yameota ukungu. Alikuwa akikohoa. Kitanda alikuwa amekisogeza mpaka mlangoni, ikawa mtu huwezi kuingia bila kukipanda.

Nikasema nakwenda kumwambia mzee sasa hivi.

Alinishika mkono. "Mwambie nini? Kwamba pa bure hapafai? Ningekuwa nalipa ningegonga mlango wake leo leo. Yule Mkamba kioo cha dirisha lake kilivunjika Jumatatu, Jumatano kikawekwa kipya." Akaniachia. "Mzee anapita hapa kila siku. Akitaka kuona ataona."

Nilimtii. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima na neno lilikuwa lake. Nilimnunulia plastiki ya kufunika ukuta na dawa ya kikohozi, nikarudi nyumbani. Kikohozi kilimshika mpaka mwisho wa masomo. Alifaulu, lakini aliukosa mtihani mmoja akiwa hospitalini, akaurudia baadaye, na ile kazi aliyokuwa ameahidiwa ilikuwa imechukuliwa. Alipata nyingine Mombasa. Siku ya kuhama alikabidhi ufunguo kwa mama jikoni, akashukuru, akaondoka wakati mzee yuko kazini.

Mzee alistaafu muda mfupi baadaye. Aliuza nyumba ya Ngara, akajenga kwao upande wa Nyamarambe, nyumba ya mabati yenye ukumbi. Alikuwa na mabinti wanne, wote wameolewa, na hakuwa na mtoto wa kiume. Alinitumia ujumbe kwamba siku ya kuingia nyumba anataka mwanawe aje. Hakuomba kingine. Aje ale ukumbini mbele ya majirani, ili wajue boma lile lina kijana. Majirani walikuwa wameanza kuutazama mpaka wa shamba lake kwa macho yasiyo mazuri.

Nilimpelekea ndugu yangu habari, na nauli nikaiweka ndani ya bahasha. Nauli ikarudi. Aliandika kwamba kazi imembana.

Nikaenda peke yangu. Watu walikula, wakaimba nyimbo za kanisa, wakaondoka. Mzee alinipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kibanda kidogo cha udongo, kipya, kimeezekwa vizuri, mlango umefungwa kwa kamba. Alisimama mbali nacho kidogo, jinsi baba anavyosimama.

"Umekuja wewe," akasema. "Ni vizuri. Lakini wewe una kwenu. Niliyemlaza yuko wapi?"

Nilikuwa nimechoka kumbebea ndugu yangu maneno. Nikamwambia. Nikamwambia habari ya bomba la jirani, na maji hadi kifuani, na ukungu, na hospitali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza polepole, "Ukuta upi?"

"Wa nyuma. Wa kitandani."

"Mimi sikuingia mle tangu siku ile tuliyofagia," akasema. "Ningeingiaje? Alikuwa analala mle."

Nikamwangalia. Mama naye asingeingia, wala binti zake, maana chinsoni huwafunga nao pia. Kijana wa Machakos alikuwa akiita kutoka dirishani tu, hakufika stoo. Kati yetu tulioshika heshima hiyo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuuona ule ukuta ila mimi.

"Ilikuwa kazi ya siku moja," akasema mzee. "Saruji mifuko miwili. Nilikuwa nikisikia akikohoa, nikasema ni hizo nywele, analala na kichwa kimelowa."

Alikaa juu ya gogo. Akaniambia nikamwambie mwanawe kwamba hakuona. Nikasema nitamwambia. Akasema nimwambie pia kwamba kibanda hiki kimejengwa mbali na ukuta wa mtu yeyote.

Nilikwenda Mombasa mwenyewe, nikamweleza ndugu yangu yote, ana kwa ana. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba mzee hakuweza kuingia mle, na kwamba atakwenda malipo ya mwisho wa mwezi yakitoka. Miezi imepita, mpaka wa mzee umesogezwa hatua kadhaa upande mmoja, na nikipita Nyamarambe kwenye biashara ya ndizi huingia kumsalimu. Hutazama kwanza nyuma yangu, njiani, kisha ndipo hunipa mkono. Kamba ya mlango wa kibanda bado haijafunguliwa.